Ratiba ya kujisomea ya darasa la nne: nimeibandika ukutani, lakini bila kelele haiendi

#1 Mama Nai
Habari za jioni wanajamvi. Binti yangu yuko darasa la nne na Oktoba ana upimaji wa kitaifa. Nimempangia ratiba ya kujisomea nyumbani, nimeiandika kwenye manila kwa kalamu za rangi na kuibandika sebuleni. Haifuatwi. Kila jioni ni mimi: kaoge, kaa mezani, fungua daftari, toka dirishani. Nikienda kugeuza wali, nikirudi namkuta anachora maua pembeni mwa ukurasa. Mtoto anashuka kwenye basi la shule saa 10:15 jioni. Ratiba ni hii:

10:30 – 11:00 kuoga, kula
11:00 – 12:00 Hisabati
12:00 – 1:00 Kiingereza
1:00 – 2:00 Sayansi
2:00 – 2:30 chakula cha usiku
2:30 – 3:30 Jiografia, Historia, Kiswahili (kwa zamu)
3:30 kulala

Alfajiri anaamka saa 11:00. Nyie mnawezaje kumsaidia mtoto wa umri huu apange ratiba na aifuate bila mzazi kumsimamia kama mahabusu?

#2 Chekecha
Nimesoma hiyo ratiba nimesinzia mwenyewe. Ngoja nivute kiti, wajuzi wanakuja.

#3 Fundi Redio
Mama Nai, swali dogo. Homuweki anafanya saa ngapi? Naona kujisomea, kula na kulala. Homuweki haipo na kucheza hakupo.

#4 Mama Nai
Homuweki inaingia humo humo kwenye saa ya somo husika. Kucheza anacheza shule.

#5 Baba Tatu wa Tegeta
Tatizo la watoto wa siku hizi ni kudekezwa. Sisi tulisoma na kibatari na hakuna aliyetubandikia manila. Mpeleke twisheni, kule kuna wenzake, atasoma tu. Mimi wangu wanatoka saa 12 jioni wameshamaliza kila kitu.

#6 Chekecha
@Baba Tatu dada ameuliza habari ya ratiba ya nyumbani, wewe umemjibu habari ya kumhamisha mtoto nyumbani.

#7 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Salamu kwenu. Nimefundisha shule za msingi, madarasa ya tatu mpaka la saba, kwa muda mrefu, na ratiba za namna hii nimeziona nyingi kwenye kuta za wazazi. Mama Nai, kabla hatujamlaumu mtoto tuhesabu dakika zake, kwa sababu saa unazomgawia hana.

Tuchukue kuanzia 10:30 mpaka 2:30 usiku. Ni saa nne, yaani dakika 240. Kuoga na kula akitoka shule, 30. Kucheza nje, 60, na hizi usizipunguze. Shuleni alikuwa amekaa kwenye dawati. Homuweki ya darasa la nne huchukua kama 40 kama mtoto hajavurugwa. Chakula cha usiku 30. Kazi ndogo za nyumbani, kupanga viatu, kuandaa begi na sare za kesho, 20. Jumla ni 180. Zimebaki 60. Sasa hizo 60 usizijaze zote, maana maji yatakatika, mgeni atakuja, homuweki itakuwa ngumu. Tumia 40, acha 20 ziwe wazi. Arobaini ni vipindi viwili vya dakika ishirini ishirini. Hicho ndicho mtoto alichonacho siku ya shule. Wewe umempa saa nne za masomo, na yeye anajua kabla hajaanza kwamba hawezi kuzimaliza. Ndiyo maana anachora maua.

Jambo la pili ni neno "Hisabati" lenyewe. Mtoto wa miaka tisa au kumi ukimwandikia "Hisabati saa nzima" hajui aanze na nini. Atafungua daftari ukurasa wowote, atasoma anachokijua tayari, na atakwambia amesoma. Andika kazi inayoonekana mwisho wake: "kugawanya, maswali matano". Akimaliza matano amemaliza, hata kama ni dakika kumi na mbili.

#8 Nesi wa Zamu
Mwalimu uko sawa kwenye hesabu ila nina nyongeza upande wa usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anapendekezewa saa 9 mpaka 12 za kulala kwa siku. Ratiba ya Mama Nai inampa kuanzia 3:30 usiku mpaka 11:00 alfajiri, saa saba na nusu. Hata ya mwalimu, akiingia kitandani 2:30, anapata nane na nusu. Bado chini. Na hatutaji muda wa kujigeuzageuza kabla usingizi haujamchukua.

Kwa hiyo alale saa 2:00. Ukikata hiyo nusu saa, zile dakika 60 zinabaki 30. Kipindi ni kimoja tu.

#9 Mwalimu Mstaafu Korogwe
@Nesi wa Zamu nakubali. Kimoja siku za shule, viwili Jumamosi asubuhi. Sikulitazama basi la alfajiri.

#10 Baba Tatu wa Tegeta
Yaani mtoto wa upimaji wa taifa asome dakika ishirini kwa siku? Mwalimu, kwa heshima yako, huko ni kumfelisha mtoto wa watu. Wangu saa hizi wanasoma saa tatu.

#11 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Ndugu yangu, dakika ishirini juu ya homuweki na juu ya siku nzima ya shule. Fanya jaribio dogo leo. Wakitoka twisheni chukua daftari lao, lifunge, na umwambie mmoja akufundishe alichosoma, kwa maneno yake, bila kuangalia. Halafu muulize kitu cha Jumatatu iliyopita. Urudi utuambie.

#12 Mlima Uluguru
Naongezea jambo la kisayansi. Akili ya mtoto inashika zaidi alfajiri. Muamshe saa kumi kamili, ampe Mungu dakika tano, asome saa moja kichwa kikiwa kitupu. Mimi ndivyo nilivyofaulu darasa la saba.

#13 Nesi wa Zamu
@Mlima Uluguru kwamba kichwa huwa hakijachoka asubuhi, hapo sikupingi, kwa mtu aliyelala akatosheka. Saa kumi kwa mtoto aliyelala saa tatu na nusu ni saa sita na nusu za usingizi. Atakishika alichosoma alfajiri halafu asinzie kwenye somo la mwalimu saa nne asubuhi. Wewe ulikuwa unalala saa ngapi zamani hizo?

#14 Mlima Uluguru
Baada ya taarifa ya habari ya redio. Saa mbili na robo hivi, umeme haukuwepo.

#15 Chekecha
Kumbe siri ilikuwa ni kukosa umeme 😂

#16 Bibi wa Muheza
Hamjambo wajukuu. Nauliza: huyo mtoto ameshirikishwa kwenye hiyo manila? Nimesoma "nimempangia", "nimeandika", "nimebandika". Mtoto hayumo.

#17 Mama Nai
Shikamoo bibi. Nilimuuliza, akasema "sawa mama". Yeye kila kitu ni sawa mama.

#18 Bibi wa Muheza
Marahaba. Hiyo "sawa mama" ni ya kukuondoa mbele yake. Mpe kalamu yeye.

#19 Mjomba Salasala
Mimi nitaleta mtazamo wa kibiashara. Mlipe. Kipindi kimoja shilingi mia tano, anaweka kwenye kibubu. Wangu ilifanya kazi ndani ya wiki moja, hakuna kelele, anasoma mwenyewe.

#20 Fundi Redio
@Mjomba Salasala na sasa hivi anaendelea?

#21 Mjomba Salasala
Sasa hivi anauliza kuosha vyombo ni bei gani. Hilo sikulitegemea. Ila kusoma alisoma.

#22 Mwana wa Mvita
Hamjambo nyote. Huku kwetu Mombasa mambo ni mengine kidogo. Mwanangu yuko gredi ya tano, akitoka shule anakwenda madrasa, arudi magharibi. Zile saa nne za mwalimu mimi sina hata moja. Nilipotaka kumfanyia ratiba ya saa, kila siku ilikuwa ugomvi, kwa sababu siku moja madrasa inatoka mapema, siku nyingine imechelewa, na mie namwambia "ulitakiwa uanze saa kumi na mbili na nusu!" Mwisho tukaacha saa kabisa. Tumefunga kusoma na jambo ambalo lazima litokee: akishasali magharibi, kabla chakula hakijapakuliwa. Magharibi haikosi. Haina haja ya mie kutazama saa wala kumwita, yeye mwenyewe ajua kikija chakula muda umekwisha. Na Alhamisi jioni na Ijumaa hatugusi kitu.

#23 Baba Tatu wa Tegeta
Nyie Kenya si mna ile KCPE, lazima mbanwe zaidi.

#24 Mwana wa Mvita
Ndugu yangu KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa kuna tathmini ya gredi ya sita, KPSEA, na wanaendelea shule, hawakatwi hapo. Ila wazazi wako vile vile, wanabana tu.

#25 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Mwana wa Mvita umesema jambo kubwa. Kufunga kipindi na tukio badala ya saa kunaondoa nusu ya kelele, kwa sababu kelele nyingi za mzazi ni za kumwambia mtoto kwamba muda umefika. Kwa Mama Nai tukio linaweza kuwa "nikishaoga baada ya kucheza". Lakini liwe tukio moja, lisibadilike, na liwe la kila siku ya shule.

Sasa nieleze namna ya kumpa mtoto kalamu, kama Bibi alivyosema, maana ukimwachia tupu atajaza Sanaa na Michezo wiki nzima. Jumapili mchana, kaeni mkeka mmoja, dakika kumi na tano zinatosha. Mwambie alete madaftari na karatasi za majaribio zilizosahihishwa. Karatasi zenye kalamu nyekundu ndizo zitakazopanga ratiba. Katika kila somo asome vichwa vya mada kwa sauti, na kila mada aiweke kwenye fungu mojawapo: naweza kumfundisha mwenzangu, nababaisha, sijui kabisa. Aandike kwenye vipande vya karatasi, mada moja kipande kimoja. Fungu la kwanza liweke pembeni, halisomwi wiki hii. Ratiba inatoka kwenye "nababaisha" kwanza, kwa sababu hapo atauona ushindi haraka. "Sijui kabisa" ni ya kufundishwa upya, na mtoto hawezi kujifundisha mwenyewe. Chagua moja tu, ya Jumamosi ukiwa naye, au umwandikie mwalimu wake wa darasa.

Kisha yeye, kwa mkono wake, achague vipande vinne vya wiki na aseme kipi kiwe siku gani. Wewe una kura ya veto kwa kitu kimoja tu: visiwe vyote vya somo moja.

#26 Kijana wa Posta
Samahani mwalimu, vinne kwa siku tano za shule? Umesahau moja.

#27 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Sijasahau. Jumatatu, Jumanne, Alhamisi ni mada tatu. Jumamosi kipindi cha kwanza ni ya nne, na cha pili ni kurudia zote bila kuangalia daftari. Jumatano ni siku ya kufidia. Kama Jumatatu ilipotea kwa mgeni au kwa mgao wa umeme, inaingia Jumatano na hakuna anayegombezwa. Kama hakuna kilichopotea, Jumatano ni yake. Hii siku tupu ndiyo inayofanya mtoto akimbilie kumaliza Jumatatu, na wewe hujasema neno. Ijumaa kaiacheni.

#28 Chekecha
Hiyo ya Jumatano ningepewa mimi kazini ningekuwa meneja sasa hivi.

#29 Mlima Uluguru
Mwongeze mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma. Apitie ya darasa la nne ya 2019, 2020, 2021, somo kwa somo: Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Sayansi na Teknolojia. Hapo hakuna kubahatisha.

#30 Kijana wa Posta
@Mlima Uluguru taratibu. Watoto walioingia darasa la tatu kuanzia 2024 wako kwenye mtaala mpya. Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili haipo kwao kwa majina hayo, kuna Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili. Angalia ratiba ya Mama Nai kule juu, kaandika Jiografia na Historia. Ukimpa karatasi ya 2019 ya Uraia atakutana na vitu hajafundishwa, aanze kulia kwamba hajui kitu. Hisabati na Kiswahili za zamani zinaweza kumsaidia, lakini mzazi achague maswali kwanza.

Na kingine, huyo wa darasa la nne atamaliza shule ya msingi akiwa la sita. Wa mtaala wa zamani na wa mpya wanakutana kumaliza 2027.

#31 Mlima Uluguru
Sawa mkuu, sikuwa na hilo. Wangu yupo sekondari.

#32 Mama Nai
Asanteni. Jumapili tumekaa mkeka mmoja kama alivyosema mwalimu. Kitu cha kwanza, binti ameweka kugawanya kwenye fungu la "naweza kumfundisha mwenzangu" wakati karatasi ya jaribio amekosa manne kati ya sita. Nilitaka kusema nikanyamaza. Nimwachie au nimwambie?

#33 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Usimwambie, mwambie akufundishe. Mchagulie swali moja kwenye yale aliyokosa. Yapi amekosa? Niandikie mawili hapa.

#34 Mama Nai
618 ÷ 6 ameandika 13. 824 ÷ 8 pia ameandika 13. Yale mawili aliyopata ni 96 ÷ 4 na 485 ÷ 5.

#35 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Angalia hapo. Kugawanya anajua, ndiyo maana kalipeleka fungu la kwanza, na hakudanganya. 96 na 485 amepata. Anachokosa ni sifuri ya katikati. 6 ndani ya 6 ni 1, akashusha 1, akaona 6 haiingii kwenye 1, akaruka bila kuandika sifuri, akashusha 8, 18 kwa 6 ni 3. Likawa 13 badala ya 103. La pili kosa ni lile lile, jibu ni 103 pia. Hili ni kosa moja na si mada nzima, na ratiba iliyoandikwa "Hisabati saa moja" isingelikamata hata kwa mwezi.

Mfundishe kujikagua: jibu zidisha na kigawanyo. 13 mara 6 ni 78. 78 na 618 ni mbali mno, mwenyewe ataona. 103 mara 6 inarudi 618. Hapo huhitaji kusahihisha wewe, na ukishaacha kusahihisha umeacha na sehemu kubwa ya kusemasema. Kwenye ratiba aandike "kugawanya zenye sifuri katikati, maswali matano, nikague kwa kuzidisha". Jumatatu. Halafu matatu mengine Alhamisi, na mawili Jumamosi ya wiki inayofuata. Akipata yote mara tatu kwa kuachanisha siku, kipande kinahamia fungu la kwanza kwa haki.

#36 Fundi Redio
Mimi si mwalimu ila hapa nimejifunza. Wa kwangu anaandika 13 vile vile na nilikuwa nadhani ni uvivu.

#37 Dada wa Mbezi
Naomba nitofautiane kidogo na wote. Mtoto wangu alikuwa hivi hivi, anachora, anaangalia dirishani, tukabadilisha ratiba mara nyingi. Kumbe tatizo lilikuwa kusoma kwenyewe. Alikuwa anasoma herufi kwa herufi, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Hesabu za namba tupu anapata, za maneno anakosa zote. Hakuna ratiba ingemsaidia. Mama Nai, mpe aya moja ya kitabu cha Kiswahili asiyowahi kuiona, asome kwa sauti, halafu umuulize imesema nini. Na cha Kiingereza pia. Ukimaliza ndipo uamue kama tatizo ni ratiba.

#38 Nesi wa Zamu
Na macho. Mtoto anayeinamia daftari sana au anayekunja uso kuangalia ubao, apimwe macho kabla hajaitwa mvivu.

#39 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Dada wa Mbezi, kweli kabisa. Ila mtoto anayekosa sifuri tu na kupata mengine, sidhani kama kusoma kunamshinda. Hata hivyo jaribio lako halina gharama.

#40 Dada wa Mbezi
Mwalimu, hizo ni hesabu za namba tupu. Ndicho nilichosema.

#41 Bibi wa Muheza
Mimi naona jambo jingine. Huyu mama yuko jikoni, mtoto sebuleni peke yake na manila. Sisi watoto walikuwa wanasoma hapo hapo jikoni, mtu anamenya mihogo na mwenzake anasoma. Mtoto hataki kusimamiwa lakini pia hataki kuachwa.

#42 Chekecha
Na baba wa mtoto yuko wapi kwenye ratiba hii? Nimeisoma mara mbili, hayumo.

#43 Mama Nai
@Chekecha baba yupo, anarudi saa mbili, anauliza "umesoma?", anajibiwa "ndiyo", anafungua taarifa ya habari.

#44 Fundi Redio
Hilo swali la "umesoma?" ndilo baya kuliko yote jamani. Jibu lake ni ndiyo tu. Kwangu tumelifuta. Tuna kamba na vibanio vya nguo. Kila mada ya wiki ni kipande cha karatasi kimebanwa upande wa kushoto wa kamba. Akimaliza anakihamisha kulia, na karatasi aliyofanyia inabanwa pamoja nacho. Mimi nikiingia naangalia kamba. Kikiwa kulia nachukua karatasi, naangalia swali moja, nasema "hili umelipataje?" Kikiwa kushoto sisemi kitu mpaka baada ya chakula, na ninachosema ni "hii inaenda Jumatano?" Basi. Anajua maana yake.

#45 Kijana wa Posta
Na akihamisha kibanio bila kufanya?

#46 Fundi Redio
Alifanya hivyo. Ndiyo maana karatasi inabanwa pamoja nacho. Kibanio bila karatasi hakihesabiki.

#47 Mama Nai
Narudisha majibu, wiki ya pili inaisha. Kamba na vibanio vimekubalika, amevipaka rangi. Kipindi ni kimoja, akishaoga baada ya kucheza, na anasomea kwenye kigoda mlango wa jikoni, bibi asante. Kugawanya kwa sifuri amepata yote mara mbili, bado ya Jumamosi. Wiki ya kwanza Jumanne umeme ulikatika, kipande kikaenda Jumatano, hakuna aliyelia.

Yasiyokwenda: kulala saa mbili kumenishinda. Baba yake anarudi saa hizo na mtoto anataka kumwona. Analala saa mbili na nusu, siku nyingine na dakika arobaini. Na kipande cha Kiingereza kimekaa kushoto wiki zote mbili. Kinapelekwa Jumatano, Jumatano kinapelekwa Jumamosi, Jumamosi anasema kichwa kinauma. Nimejizuia kusema lakini naona nalipuka.

#48 Dada wa Mbezi
Umempa ile aya asome?

#49 Mama Nai
Ya Kiswahili kasoma vizuri na kaeleza. Ya Kiingereza anatamka maneno vizuri tu, lakini nikimuuliza imesema nini ananiangalia.

#50 Dada wa Mbezi
Basi hicho kipande si cha "nababaisha". Ni "sijui kabisa" kimejificha.

#51 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Kipande kimeandikwaje? Nakili kama kilivyo.

#52 Mama Nai
"Kiingereza, kusoma hadithi na kujibu maswali."

#53 Mwalimu Mstaafu Korogwe
Kikubwa mno. Kikatwe: sentensi tano za hadithi, aandike maana ya kila moja kwa Kiswahili, apigie mstari maneno asiyoyajua. Maswali yaache kwanza. Kama maneno aliyopigia mstari yanazidi mawili kwenye kila sentensi, hadithi hiyo si ya kiwango chake, mtafutie kitabu cha darasa la tatu na usimwambie ni cha la tatu.

#54 Baba Tatu wa Tegeta
Mimi nimefanya lile jaribio la mwalimu. Mkubwa alinifundisha vizuri ya leo. Ya Jumatatu hakukumbuka, mdogo ndiye aliyekumbuka na yeye hata hakuwepo kwenye kundi hilo, alisikia tu wakati anasubiri kurudi. Sijajua nielewe nini.

#55 Chekecha
Elewa kwamba unalipa twisheni ya mtoto asiyesajiliwa.

#56 Nesi wa Zamu
Mama Nai, kuhusu kulala, je, wikiendi anaamka saa ngapi akiachwa? Kama anapitiliza saa mbili zaidi ya kawaida, ujue usingizi wa wiki haumtoshi. Na hicho kichwa cha Jumamosi nisingekiweka kwenye fungu la visingizio moja kwa moja. Ongea pia na dereva wa basi kuhusu mpangilio wa kuchukua watoto, dakika ishirini za alfajiri ni nyingi.

#57 Mama Nai
Jumamosi anaamka saa mbili asubuhi nisipomgusa. Dereva nitamuuliza, ila sisi ni wa kwanza kwenye njia yake na shule iko mwisho.

#58 Mjomba Salasala
Nesi na mwalimu mnagombania dakika zile zile ishirini toka ukurasa wa kwanza.

#59 Mwana wa Mvita
Nina swali kwa Fundi Redio. Mie nna wawili, wa gredi ya tano na wa ya pili. Kamba ni moja au mbili? Nilipoweka moja, mdogo alikuwa akihamisha vibanio vya mkubwa.

#60 Fundi Redio
Mbili, na ya mkubwa iwe juu asikoifikia mdogo. Ila kwangu mdogo alipoona hivyo akadai na yeye ya juu, kwa hiyo nipo hapa kusikiliza wenye watoto watatu wamefanyaje.